Nyama Yenye Nyuzi Nyeupe

Nyama ile niliimwagia mafuta ya taa kwa mkono wangu mwenyewe. Nalisema hili mapema kwa sababu hapa Korogwe habari yake inasimuliwa kwa namna nyingi, na karibu katika zote mimi ndiye mtu mwema. Muhsin bucha, wanasema, mtu safi, hauzi kibudu. Wakiyasema mbele yangu nawapimia nyama yao, nawapa chenji, nanyamaza. Inachosha kumrekebisha mtu anayekusifia.

Mimi ni Mzigua wa Handeni. Bucha yangu iko Manundu, mwaka wa ishirini na saba huu, na karibu ng'ombe wote niliowachinja niliwanunua minadani Handeni: ng'ombe wa nundu, wenye miguu mirefu, wanaotembea kutwa nzima kutafuta majani na maji. Nyama yao naijua. Nje ina mafuta kidogo, kwenye figo ina mafuta kidogo zaidi, lakini ukiikata ndani ni nyekundu tupu, kuanzia ukingo mmoja hadi mwingine. Ni nyama ya kazi. Unaichemsha saa mbili, unaitafuna, na meno yanajua kwamba yametafuna. Wateja wangu wameizoea hiyo na ndiyo wanayoiita nyama.

Ernesti hakuwa mtu wa mnadani. Ni Msambaa wa Bungu, kule juu, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, na tulifahamiana tangu siku aliyoniletea mbuzi wa kwanza, miaka kumi na moja nyuma. Mimi nilimwita Msambaa, yeye akaniita Mzigua, na hatukuitana vingine. Kila aliposhuka mjini hakukosa kumletea mke wangu Husna karoti na maharage mabichi. Mwanangu alipofariki alikaa nyumbani kwangu siku tatu, Mkristo yule, akibeba maji na kupanga viti. Nayasema haya ili ijulikane nilimfanyia nani.

Huko Bungu ng'ombe hatembei. Mashamba yamebanana, hakuna pa kuchungia, kwa hiyo ng'ombe anakaa bandani na analetewa majani huko huko. Ernesti na mkewe Asnath walikuwa na jike mmoja wa maziwa, chotara wa Jezi, mbegu ya kizungu, na nyumba yao ilisimama kwa maziwa yake. Jike akafa kwa ndigana, ile homa ya kupe, akaacha ndama dume wa wiki mbili. Asnath akamnyonyesha kwa chupa. Majirani wakamwambia amuuze kungali mapema, kwani dume la Jezi ni la nini, halilimi wala halitoi maziwa. Asnath akakataa. Wakamhasi akiwa mdogo, wakamfungia bandani, na kila siku kwa miaka mitatu na nusu mama yule alimpelekea chakula mdomoni: vichwa vya miwa, viazi vitamu vilivyokataliwa sokoni, pumba za mahindi, na mwaka wa mwisho mashudu ya alizeti aliyoyanunua kwa fedha ya kusuka vikapu. Wakamwita Bwanyenye, kwa sababu alikula vizuri na hakuwahi kufanya kazi.

Krismasi iliyopita kijana wa pale kijijini, Elisha, alikuja kusalimia wazazi. Huyu Elisha ni mpishi mkuu katika hoteli moja ya watalii upande wa Pangani. Akamwona Bwanyenye, akaingia bandani na viatu vyake vyeupe, akamminya kwenye shina la mkia na juu ya mbavu. Akamwambia Ernesti: huyu nje ana mafuta, swali ni kama yameingia ndani. Akaeleza kwamba mafuta ya ng'ombe yana foleni yake. Yanaanza kujaa kwenye figo na tumboni, yanafuata kati ya msuli na msuli, yanatanda chini ya ngozi, na mwisho kabisa, kama chakula kimekuwa kingi kwa muda mrefu na mbegu yake inaruhusu, yanaingia ndani ya msuli wenyewe, nyuzi nyuzi. Ng'ombe wengi wa kwetu wanachinjwa kabla ya kufika hapo, na wengine hata wangeishi miaka ishirini wasingefika. Na akiwa hai huwezi kumtazama ukajua. Utajua akishachinjwa.

Kama yamo, alisema Elisha, hoteli itachukua mgongo kwa elfu thelathini kilo na mapaja kwa kumi na nne. Mimi dukani nilikuwa nauza mchanganyiko kwa elfu kumi. Na siyo mara moja tu: wangemtaka Ernesti afuge wengine, mmoja baada ya mwingine, kwa namna ile ile ya Asnath. Fedha ya Bwanyenye ingenunua mtamba wa maziwa, na banda lingejaa tena. Kama hayamo, basi ni nyama tu, ya elfu kumi, na miaka mitatu na nusu ya pumba ingekuwa imeliwa bure. Hicho ndicho walichokuwa wanakisubiri wale watu wawili kule juu.

Ernesti akaja kwangu. "Mzigua," akasema, "hakuna mwingine ninayemwamini kumchinja. Mguu wa mbele na shingo uza wewe dukani kwako, unilipe. Mgongo na nyuma tunamwekea Elisha."

Nikamwambia, "Msambaa, ng'ombe wako akitoka na hayo mafuta ya ndani nitanyoa ndevu."

Walimshusha Jumatano kwa kenta, polepole. Nikamlaza machinjioni na maji ya kutosha, kwa sababu ng'ombe akichinjwa amechoka na ana hofu nyama inakuwa nyeusi na ngumu, hata awe amelishwa sukari. Asnath alikuja naye. Alikaa kwenye ukuta wa machinjio hadi jua linazama, mkono wake kwenye shavu la ng'ombe, kisha akarudi Bungu na gari lile lile. Hakutaka kuona asubuhi yake.

Alhamisi alfajiri nikamchinja kwa jina la Mwenyezi Mungu. Mkaguzi wa nyama alikuwepo, mtu makini, simsemi vibaya. Alipasua mashavu, akakata moyo na ulimi, akatazama kiwambo cha kifua, akatafuta tegu na kila kinachotafutwa. Hakuna. Akagonga muhuri wake pande zote. Mafuta ya nje yalikuwa ya njano kama siagi, nami nikasita kidogo, maana hapa kwetu njano ni dalili ya ng'ombe mzee. Mkaguzi akacheka. Akasema ni damu ya Jezi na majani mabichi, basi.

Sehemu ya nyuma tukaipeleka kwenye chumba cha ubaridi cha wafanyabiashara wa maparachichi, tukaining'iniza imefunikwa shuka safi. Ya mbele nikaileta dukani na ikaisha kabla ya saa tisa. Hakuna aliyeona chochote cha ajabu, na hakungekuwa na cha kuona: nyama ikiwa bado ya moto mafuta yake ni laini na yanafanana na nyama yenyewe. Nilikata kipande cha begani, kilo moja hivi, nikampelekea Husna akaweka kwenye friza, kama ninavyofanya kila siku. Ernesti nikamlipa sehemu yake ya mbele, akalala kwangu.

Ijumaa asubuhi Elisha akapiga simu. Akataka tukate mgongo kati ya ubavu wa kumi na mbili na wa kumi na tatu, hapo hapo, siyo kwingine, tusubiri kidogo ipate hewa, tumtumie picha. Tukaenda mimi na Ernesti. Nikapitisha kisu, nikamalizia mfupa kwa msumeno, nikafungua.

Sikuwahi kuona kitu kile. Jicho la nyama, ule msuli mnene wa mgongo, lilikuwa jekundu, limepitiwa na nyuzi nyeupe nyembamba kila upande, zinagawanyika na kukutana, na katikati vidoa vidogo kama unga ulionyunyizwa kwa vidole. Baridi ilikuwa imeyagandisha mafuta, yanaonekana wazi. Ernesti aliweka kidole juu yake, akakiondoa, kidole kinang'aa. Aligeuka akatazama ukuta wa kile chumba kwa muda, akajifuta uso kwa kiwiko.

Picha ikaenda. Elisha akapiga tena kwa sauti ya juu mpaka nikaitoa simu sikioni. "Ni marumaru hiyo, mzee wangu! Tunaiita marumaru, inafanana na yale mawe ya sakafuni. Msikate tena hata gramu moja. Kesho saa nne nipo hapo na gari la baridi."

Nikamuuliza, kwa dharau ya mtu wa miaka ishirini na saba kazini, mafuta hayo kidogo yanabadilisha nini.

"Yanabadilisha mdomoni, mzee," akasema. "Ikipata moto, nyuzi zile zinayeyuka. Zilipokuwa zimekaa, nyama inalegea, jino linapita. Na yakiyeyuka yanailowesha kutoka ndani, ndiyo maana haikauki. Harufu ya nyama ya ng'ombe pia, sehemu kubwa imo kwenye mafuta yake. Sisemi ulaini wote ni mafuta. Umri umo, kupumzika kwake kumo, sehemu uliyoikata imo. Muundi hata uwe na marumaru utabaki muundi. Lakini mgongo kama huo, tunanunua kutoka ng'ambo ukiwa umegandishwa kama tofali."

Basi ilikuwa imekwisha. Ilitakiwa tufunge mlango, tunywe chai, tungoje kesho. Lakini mimi ni Muhsin. Nikakata kipande cha mbavu tatu pale pale kwenye uso uliofunguliwa, Elisha amesema asikate mtu, nami nikakata.

"Unafanya nini, Mzigua?" Ernesti akauliza.

"Napeleka dukani. Nitaining'iniza kwenye kioo. Nataka yule mwenye bucha ng'ambo ya barabara aone nyama."

"Iache hapa. Kesho tu."

"Acha watu waone, bwana! Utaogopa sifa mpaka lini?"

Haikuwa sifa yake niliyoitaka, ilikuwa yangu. Nikaitundika katikati ya kioo, uso wake umeelekea barabarani, nikawasha na taa.

Wa kwanza kuiona vizuri alikuwa Mama Zamda. Ana mgahawa pale stendi, anachukua kwangu kilo nane kila siku ya Mungu, na akikohoa nusu ya Manundu inakohoa naye. Alikuja baada ya swala ya Ijumaa, watu wanatoka msikitini. Akasimama, akasogeza uso hadi pua ikagusa kioo.

"Muhsin. Hivi vyeupe ni nini?"

"Mafuta, mama. Nyama ya kitajiri hiyo."

"Mafuta yanakaa nje. Miaka yangu yote mafuta yanakaa nje." Akageuka, akapaza sauti. "Njooni muone. Hii ni tegu!"

Mtu wa mjini angecheka. Lakini hapa kila mtu mzima amewahi kusikia kwamba nyama yenye vidoa vyeupe ndani ina minyoo, na amesikia kweli. Tegu wapo, wanakaa ndani ya msuli, na ni weupe. Kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona ni kile kingine. Kwenye ng'ombe wetu wa Handeni hakipo. Kwa hiyo jicho lilipokutana na cheupe ndani ya chekundu, lilikuwa na jina moja tu la kukipa.

Wakajaa. Simu zikatoka, picha zikapigwa, na kabla sijafungua mlango wa kioo picha zilikuwa zimeshafika Mombo. Kisha ukaja ule upuuzi ambao hadi leo nikiukumbuka natamani kumrushia mtu gogo la kukatia nyama. Fundi cherehani mmoja, aliyenunua kilo moja ya bega siku iliyotangulia, akashika kichwa.

"Ndiyo maana jana ilikuwa laini mno! Mke wangu amepika dakika arobaini ikaiva. Nyama gani ya ng'ombe inaiva dakika arobaini? Ilikuwa imeshaliwa na minyoo!"

"Hata kwangu!" wakadakia. "Mtoto amekula bila kulia!"

Utamu wake wote waliouonja kwa ulimi wao wakaugeuza kuwa ushahidi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameumwa tumbo.

Nikampigia mkaguzi, alikuwa Mombo kikazi. Nikaweka sauti ya nje. Akasema, kila mtu akisikia: "Huyo ng'ombe nimemkagua mwenyewe. Minyeni kwa vidole. Tegu ni kifuko kidogo chenye maji, kama punje ya mtama, na ndani yake kuna nukta nyeupe. Ukikiminya kinapasuka. Mafuta hayapasuki, yanalainika na kuteleza kidoleni. Hayo ni mafuta."

"Amekula ngapi huyo?" mtu akauliza nyuma, watu wakacheka kwa hasira.

Niliminya. Niseme ukweli. Nilichukua uzi mmoja mweupe kati ya kidole gumba na cha shahada, mbele yao, nikausugua. Ukayeyuka. Ulikuwa na joto la mkono wangu na ukateleza kama mafuta ya nazi. Nilijua pale pale, nilijua kwa ngozi yangu, na nilikuwa nimejua tangu asubuhi.

Ernesti alikuwa amesimama karibu na gogo, kofia mkononi. Hakupenda kusema mbele za watu, lakini siku hiyo alisema. "Jamani, mimi ndiye mwenye ng'ombe. Mke wangu amemlea kwa chupa. Sina haja ya kuwalisha ugonjwa. Ngojeni nichome, nile mbele yenu."

Akachukua kisu changu, akakata ukanda, akauweka juu ya jiko la mkaa la muuza mishikaki aliye barazani kwangu. Mafuta yakaanza kudondoka, moshi ukapanda, na ile harufu ikawafikia. Nawaapia, niliona watu wanameza mate. Mtu mmoja alisogea. Kwa muda wa pumzi tatu au nne mambo yangeweza kugeuka. Ernesti akaokota ukanda kwa vidole, ukimwunguza, akala. Kisha akakata mwingine, akaupuliza, akaninyooshea.

"Kula, Mzigua."

Nilikuwa nimeshainua mkono.

"Muhsin," akasema Mama Zamda, taratibu, kama mtu anayeagiza chai. "Ukila hiyo, usihangaike kunipimia kesho. Wala keshokutwa. Nitavuka barabara. Na hawa wote watavuka."

Nikatazama ng'ambo. Yule bwana mwenye bucha ya pili alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono kifuani, anangoja.

Nikashusha mkono.

"Hii nyama si yangu," nikasema, kwa sauti ili wa nyuma wasikie. "Imeletwa kutoka mlimani. Mimi nilipewa nichinje tu."

Ernesti hakushtuka kama nilivyotegemea. Alinisogelea, akaniambia kwa ile sauti yake ndogo, "Muhsin, wewe unajua." Miaka kumi na moja hakuwahi kuniita Muhsin.

"Sijui kitu," nikasema.

Mengine yalikwenda yenyewe. Umati ulitaka na iliyobaki itoke, nami nikawaongoza hadi kwenye chumba cha maparachichi, nikafungua kwa ufunguo niliopewa kwa kuaminiwa. Wakabeba mgongo na mapaja kwenye mkokoteni, shuka na yote. Kwenye shimo la taka walisema ni lazima iharibiwe, mbwa wasile, maskini wasiiokote. Kuna mtu alikuja na dumu la mafuta ya taa. Aliniletea mimi, siyo mwingine, na kila simu ilikuwa juu. Nikamwaga lita tano, kuanzia juu ya mgongo. Mafuta ya taa yakapita juu ya zile nyuzi nyeupe yakatiririka shimoni, na watu wakapiga makofi. Ernesti alikuwa amesimama upande wa pili wa shimo, amevaa kofia yake sasa. Aliangalia mpaka udongo uliporudishwa, kisha akaenda stendi kwa miguu.

Jumamosi saa nne kamili Elisha akafika na gari la baridi lililooshwa. Nilikuwa nimempigia simu usiku mzima bila kumpata, au niseme nilipiga mara mbili. Nikamweleza barazani. Hakunitukana. Aliuliza tu kama kuna kipande chochote kilichobaki popote. Nikakumbuka friza.

Tulikwenda nyumbani. Kile kilikuwa cha begani, siyo mgongo, na kilikuwa kimeganda, lakini Elisha alisubiri kikalegea, akakikata kwa kukingana na nyuzi za nyama, vipande vyembamba. Akaomba sufuria nzito na chumvi, hakutaka kingine chochote. Husna akaleta limau, akakataa. Nyama ikalia kwenye sufuria, ikatoa mafuta yake yenyewe, ikajikaanga ndani yake. Akaweka kwenye sahani, akanisukumia.

Nikala. Nimekula nyama maisha yangu yote, ni kazi yangu na ni chakula changu, na sikuwa nimejua. Jino liliingia bila kusukuma. Kikaja kitu kama maziwa, kama karanga zilizochomwa, na kikabaki mdomoni baada ya kumeza. Nikachukua kipande cha pili.

"Na hili ni bega," Elisha akasema. Alikuwa ameinamia sahani. "Mgongo ule nisingeupata tena nchi hii kwa miaka. Ningempa zaidi ya elfu thelathini. Nilikuwa nimeshamwambia meneja." Akafunga visu vyake. "Nani atamwambia Mzee Ernesti afuge tena, mzee wangu? Mimi siwezi."

Akaondoka na gari tupu.

Nilikaa miezi miwili. Mama Zamda alikuja kila asubuhi kuchukua kilo zake nane za nyama nyekundu, ngumu, ya Handeni, akanisifu kwa wateja. Fundi cherehani naye alirudi. Mwezi ule wa pili nikauza pikipiki yangu, nikaweka na nilichokuwa nacho, ikatimia bei ya mtamba. Nikapanda gari la Bungu, bahasha kwenye koti.

Ernesti hakuwepo, alikuwa shambani. Asnath alinikaribisha. Aliniletea kiti, si kigoda cha jikoni nilichokaa siku zote, ila kiti cha sebuleni chenye kitambaa, kile cha wageni. "Karibu, Mzee Muhsin." Akanipa chai ya rangi. Hakuniomba radhi kwamba haina maziwa. Mlangoni niliona banda: mbao za mbele zimeng'olewa, ndani wamepanda maboga, na yamestawi sana kwenye ile mbolea.

Nikaweka bahasha mezani. Nikasema maneno niliyokuwa nimeyapanga tangu Korogwe, yote, hata lile la kwamba nilijua. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani. Bahasha hakuigusa.

"Hiyo utampa mwenyewe akirudi, kama ataipokea," akasema. "Mimi nina swali moja. Elisha alisema mlipika kipande nyumbani kwako."

"Ndiyo, mama."

"Ulikula?"

"Nilikula."

Alitazama banda, kisha akanitazama mimi, na uso wake haukuwa na hasira hata kidogo. Ningeshukuru ungekuwa nayo.

"Sisi hatukubakiza hata nusu kilo," akasema. "Tulisema yote ni ya kuuza. Niambie basi, ilikuwaje?"

Nikaanza kumwambia.